Maji ya Kilimanjaro yanachemka nyuzi ngapi? Kuchagua R bila kunaswa na vizio

Kuna swali ninalopenda kuwapa wanafunzi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam. Chukua atmosfia 0.5. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za selsiasi kanieneo ikiwa atmosfia 1, na kuyageuza kuwa mvuke kunahitaji kilojouli 40.66 kwa kila moli. Huko kileleni yatachemka kwenye nyuzi ngapi?

Fomula naiandika ubaoni mwenyewe, ili asiwepo wa kusema ameisahau. R ndani yake ni ile namba isiyobadilika ya gesi:

```
1/T2 = 1/T1 - (R/ΔH) ln(P2/P1)
```

Majibu yanayorudi ni haya: 81.3, 95.3, 98.6, 99.8, −28 na −266. Fomula ni moja, data ni zile zile, vikokotoo vyote vizima. Jibu sahihi ni 81.3. Mengine yote yametoka kwenye vizio.

Aliyepata −266 simhofii. Anaona mwenyewe kwamba maji hayawezi kuchemka karibu na sifuri ya kelvini, anarudi nyuma, anagundua ameweka R kwa jouli na ΔH kwa kilojouli, basi. Wanaonitia wasiwasi ni wa 95.3, 98.6 na 99.8. Hao wanachora mstari chini ya jibu na kuendelea na swali linalofuata, maana majibu yao yanafanana na kitu cha kweli. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo 95.3 haimshtui mtu hata kidogo. Mwongozo huu ni kwa ajili yao zaidi.

Kwanza, jua R ni kitu gani kabla ya kuichagua

R ni moja tu. Hizi namba 8.314, 0.08206 na 1.987 ni kitu kimoja kilichotajwa kwa sarafu tofauti, kama kilo ya sukari inavyoweza kutajwa bei kwa shilingi ya Tanzania, shilingi ya Kenya au dola. Sukari ni ile ile. Kinacholeta hasara ni kulipa kwa sarafu moja na kudai chenji kwa nyingine.

```
R = 8.314 J/(mol K)
R = 0.08206 L atm/(mol K)
R = 1.987 cal/(mol K)
```

Tazama sehemu ya juu ya kila kizio: jouli, lita-atmosfia, kalori. Zote tatu ni nishati. Ya kati ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu lita ni ujazo na atmosfia ni kanieneo, sasa nishati imetokea wapi? Imetokea kwenye kuzidisha. Kanieneo ni nguvu kwa eneo, yaani nyutoni kwa mita ya mraba. Zidisha kwa mita za ujazo, inabaki nyutoni mara mita, na hiyo ndiyo jouli. Kwa hiyo paskali moja mara mita moja ya ujazo ni jouli moja. Ukiikuza kanieneo mara elfu iwe kilopaskali, na ukiupunguza ujazo mara elfu uwe lita, elfu zinafutana: kilopaskali mara lita bado ni jouli.

Hapo umepata vitu viwili bila kukariri. Atmosfia moja ni kilopaskali 101.325, basi lita-atmosfia moja ni jouli 101.325. Cha pili, swali likikupa kanieneo kwa kilopaskali na ujazo kwa lita, 8.314 inaingia kwenye PV = nRT moja kwa moja bila kubadilisha chochote. Nimeona watu wakigeuza kilopaskali kuwa atmosfia ili tu watumie 0.08206, halafu wakageuza lita-atmosfia kurudi kwenye jouli mwishoni. Ni sawa na kwenda Kariakoo kwa kupitia Bagamoyo.

Pili, uliza R inakutana na nani ndani ya fomula

Siku moja nilimwuliza mwanafunzi aliyepata 99.8 alivyoichagua R yake. Akaniambia, "Mwalimu, swali limetoa atmosfia, ndiyo nikachukua ya atmosfia."

Jibu lake lina mantiki, na kwenye maswali ya gesi pekee lingemfikisha salama. Kosa liko kwenye kuangalia data ya swali badala ya kuangalia fomula. Katika fomula ya Kilimanjaro, kanieneo mbili zinagawanyana ndani ya ln. Atmosfia juu, atmosfia chini, zinafutana. Ungeweza kuzitaja kwa kilopaskali, kwa milimita za zebaki au kwa kipimo cha babu yako, na ln ingebaki ile ile. Anayekutana na R ana kwa ana ni ΔH, ambayo iko kwa kilojouli. Kwa hiyo R iwe ya jouli, na ΔH ishushwe iwe jouli.

Kanuni ninayoitumia ni fupi. Kama R imesimama na P na V, vizio vya P na V ndivyo vinavyoamua. Kama imesimama na nishati kwa moli, iwe ΔH, ΔG au nishati ya kuamsha mmenyuko, kizio cha nishati ndicho kinachoamua, hata kama swali zima limejaa atmosfia na lita.

Sasa tulifanye swali kwa ukamilifu, na kila namba ivae kizio chake:

```
R/ΔH = 8.314 J/(mol K) / 40660 J/mol
     = 0.00020448 1/K
ln(0.5) = -0.6931
1/T2 = 1/373.15 + 0.00020448 × 0.6931
     = 0.0026799 + 0.0001417 = 0.0028216 1/K
T2   = 354.4 K = 81.3 °C
```

Mstari wa kwanza ndio unaobeba kila kitu. Jouli inafuta jouli, moli inafuta moli, inabaki "kwa kelvini", ambayo ndiyo hasa 1/T inahitaji ili vijumlishike. Mwanafunzi wangu wa 99.8 angeandika vizio kwenye mstari huo, angekuta lita-atmosfia juu na jouli chini zikitazamana, hazifutani. Hakuandika. Akajumlisha 0.0000014 kwenye 0.00268, na maji yake yakapanda mlima mita 5,895 yakapoteza nyuzi 0.2 tu.

Aliyepata 95.3 alichukua 1.987, ya kalori, akaiweka juu ya ΔH ya jouli. Aliyepata 98.6 alikuwa na R sahihi na ΔH sahihi, ila aliandika 1/100 badala ya 1/373.15, selsiasi haingii kwenye 1/T hata siku moja. Na wa −28 alikosea mara mbili, R ya lita-atmosfia na ΔH ya kilojouli, makosa yakavutana pande tofauti. Ndiyo maana siamini jibu kwa sababu tu "linaonekana karibu".

Kwa anayetaka kujua: majedwali ya mvuke yanaonyesha kwamba kwenye nusu ya atmosfia maji huchemka karibu na 81.7. Tofauti ya nyuzi 0.4 haitokani na vizio. Fomula inachukulia ΔH haibadiliki, wakati kiukweli inaongezeka kidogo halijoto ikishuka. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Tofauti ya nyuzi 14 ni kosa.

Tatu, kazi ya mvuke: hapa lita-atmosfia huuma

Chukua moli moja ya maji, gramu 18, kijiko kikubwa kimoja na kidogo. Yachemshe yote kwenye nyuzi 100 na atmosfia 1. Joto lililoingia ni kilojouli 40.66. Sehemu ya joto hilo imetumika kuisukuma hewa kando ili mvuke upate nafasi. Nishati ya ndani imeongezeka kwa kiasi gani?

Ujazo wa mvuke kwanza. Hapa R iko na P na V, kanieneo iko kwa atmosfia, kwa hiyo 0.08206 ndiyo mahali pake:

```
V = nRT/P = 1 × 0.08206 × 373.15 / 1 = 30.6 L
```

Lita 30.6, dumu moja na nusu. Ujazo wa maji yenyewe, mililita 18 na ushei, tunaupuuza. Kama ungetumia 8.314 na atmosfia, ungepata 3,102 na kuiandika "lita": kijiko cha maji kimejaza matangi matatu ya lita elfu. Jizoeze kuyapima majibu ya ujazo kwa madumu. Ni kipimo ambacho macho yetu yanakijua.

Kazi ni kanieneo mara ongezeko la ujazo, yaani lita-atmosfia 30.6, na ina alama hasi kwa kuwa mfumo umeitoa. Sasa ndipo mtego ulipo. Mwanafunzi ana 40.66 mkononi na 30.6 mkononi, namba mbili zinazofanana kimo, anatoa: 10.1. Anaandika "kilojouli 10" na jibu linapendeza. Nami nilikuwa mmoja wao. Ripoti yangu ya maabara ya mwaka wa kwanza ilisema robo tatu ya joto la kuchemsha maji huenda kwenye kusukuma hewa, na nikaandika aya nzima kueleza kwa nini hilo ni jambo la kustaajabisha. Msahihishaji aliandika neno moja pembeni: "Vizio?"

Njia sahihi ni kugeuza kwanza, kutoa baadaye:

```
w  = -30.6 L atm × 101.325 J/(L atm) = -3100 J = -3.10 kJ
ΔU = 40.66 - 3.10 = 37.56 kJ
```

Asilimia kama 8 tu ndiyo iliyosukuma hewa. Nyingine yote imekwenda kuzitenganisha molekuli za maji, ambazo hushikana kwa nguvu. Ukijua hilo, jibu la kilojouli 10 litakunukia vibaya kabla hujatafuta kosa.

Ipo pia njia ya mkato. Kwa gesi inayofuata PV = nRT, kazi hii ni nRT yenyewe, maana P mara V ndiyo nRT. Basi chukua 8.314, zidisha kwa 373.15, unapata jouli 3,102 moja kwa moja. Lita hazikuonekana kabisa. Ni ile ile 3,102 iliyokuwa ujazo wa kipuuzi hapo juu. Ilikuwa namba halali iliyovishwa kizio kisicho chake.

Nne, kalori, na kalori ile nyingine

Vitabu vya zamani, na baadhi ya maswali yanayonakiliwa kutoka humo mwaka hadi mwaka, hutaja joto fiche la mvuke wa maji kuwa karibu kalori 540 kwa gramu. Kuna hatua mbili za kufika kwenye kilojouli kwa moli, na watu hufanya moja. Gramu kwenda moli: 540 mara 18.015 ni kalori 9,728 kwa moli. Kalori kwenda jouli: mara 4.184, unapata jouli 40,700. Inakaribiana na 40,660 tuliyoanza nayo. Tofauti imetokana na 540 kuwa namba iliyokadiriwa.

Hulazimiki kugeuza, ukipenda. Baki na kalori 9,728 na utumie 1.987, swali la Kilimanjaro litatoa 81.3 vile vile. Alichokosea yule wa 95.3 ni kuchanganya, si kutumia kalori.

Utakutana pia na kalori ya 4.184 na nyingine ya 4.1868, zote zikiitwa kalori. Tofauti yake haifiki hata sehemu moja kwa elfu, usiikoseshe usingizi. Ya kuangalia ni ile ya vyakula. Mtu akisema biskuti ina "kalori 450", anamaanisha kilokalori 450, kubwa mara elfu. Ni kama shilingi: jina ni hilo hilo Moshi na Mombasa, thamani mbali kabisa. Bahati nzuri pakiti nyingi huandika kcal na kJ kwa pamoja. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata karibu 4.2, na hapo utajua ni ipi.

Tano, ΔH ya kilojouli na ΔS ya jouli kwenye mstari mmoja

Majedwali yana desturi moja ya kuudhi: enthalpi huandikwa kwa kilojouli, entropi kwa jouli. Sababu ni kwamba entropi ni namba ndogo na hakuna anayependa kuandika 0.1188. Wewe ndiye unayelipa gharama ya urembo huo unapofika kwenye ΔG = ΔH − TΔS.

Tubaki na maji yetu, safari hii kwenye nyuzi 25. Kuvukiza moli moja kunahitaji ΔH ya kilojouli 44.0 na kunaleta ΔS ya jouli 118.8 kwa kelvini. Nashusha kila kitu kuwa jouli mara tu ninapokitoa kwenye jedwali, kabla hakijaingia kwenye fomula:

```
TΔS = 298.15 × 118.8 = 35420 J/mol
ΔG  = 44000 - 35420 = 8580 J/mol
ln K = -8580 / (8.314 × 298.15) = -3.46
K   = 0.031
```

Kwa kuwa hali sanifu ya gesi ni bari 1, K hii inatuambia kanieneo ya mvuke wa maji kwenye nyuzi 25 ni karibu bari 0.031, yaani kilopaskali 3.1. Kipimo cha maabara ni karibu 3.17. Angalia tena: jibu limetoka kwa bari, ila R iliyotumika ni ya jouli, kwa sababu ndani ya fomula ilikutana na ΔG.

Makosa hapa yana sura unazoweza kuzitambua. Ukitoa 35,420 kutoka 44.0 unapata hasi elfu thelathini na tano, na maji ya kwenye kikombe yangekuwa yamelipuka kuwa mvuke. Hilo unaliona. La kificho ni kuacha ΔG kama 8.58 ya kilojouli na kuigawanya kwa 8.314 mara 298.15. Kipeo kinakuwa −0.0035, na K inatoka 0.997. Mwanafunzi anaandika "K karibu 1, mfumo uko katikati", sentensi nzuri kabisa, na maana yake ni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 25. Ukiona K zako zote zimejikusanya kati ya 0.9 na 1.1, swali baada ya swali, rudi utafute kilojouli iliyosahaulika. Mimi nikisahihisha, nikiona K ya 0.99 sisomi hata kazi yake. Naenda moja kwa moja kwenye mstari wa ΔG.

Na hiyo "kwa moli", moli ya nini?

Jambo la mwisho halimo kwenye R, ila huharibu kazi iliyofanywa vizuri. Kilojouli kwa moli huenda na mlinganyo kama ulivyoandikwa. Kuunguza haidrojeni:

```
H2 + 1/2 O2 → H2O(l)    ΔH = -285.8 kJ/mol
2 H2 + O2 → 2 H2O(l)    ΔH = -571.6 kJ/mol
```

Zote mbili ni kweli. Ile −571.6 ni kwa moli ya mmenyuko ulioandikwa, ambao ndani yake una moli mbili za maji. Ukiitoa hiyo namba ukaizidisha kwa moli za maji ulizopata kwenye maabara, utadai joto mara mbili ya lililokuwepo. Kwa hiyo pembeni ya kila ΔH ninayonakili naandika pia mlinganyo wake, hata kama ni kwa penseli.